Vichekesho vya kufungulia mahafali

Wahitimu oyee! Mbona sauti ndogo hivyo? Siku matokeo yalipobandikwa mlipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu.

Wazazi wetu, shikamooni. Leo mtoto kavaa joho. Msimwulize ndani kavaa nini. Pasi ilikuwa moja, foleni bweni zima.

Na hizo kofia, jamani, zikae sawa. Kuna kaka safu ya tatu, yake imeangukia kisogoni na kishada kimeingia mdomoni. Dada hapo pembeni, hebu msaidie. Asante. Miaka minne ya uhandisi, kofia imemshinda!

Nimemuuliza mama mmoja mlangoni, "Mwanao kasomea nini?" Akanijibu, "Baba, mimi najua ada tu. Mengine muulize mwenyewe."

Wahadhiri, karibuni. Leo wanafunzi wenu wamewahi, tena wanagombea viti vya mbele! Ila nyie mnaojificha nyuma tunawajua, mnadaiwa vitabu vya maktaba. Mkutubi yupo. Kakaa mlango wa kutokea.

Haya, maandamano ya wanataaluma yanaingia. Tusimame, simu zizimwe. Shangazi, na yako.