Mjomba Yuko Wapi?

Ndoa ilikuwa saa nane mchana, Jumamosi ya Januari, na mimi ndo niliwekwa kwenye laptopu ya Zoom. Shangazi Zuhura yuko Perth, kwake ilikuwa saa moja usiku. Kina Hamida wa London saa tano asubuhi, Muscat saa tisa. Wote wameingia mapema, wamependeza, wanapungiana mikono. Kasoro Mjomba Salehe wa Toronto, na yeye ndo yuko kwenye ratiba, hotuba ya upande wa mama.

Tukasubiri robo saa. Mama anapiga, simu haipatikani, kule chati imejaa "mjomba yuko wapi?" mpaka bwana harusi naye akaanza kuchungulia skrini. Ikabidi tuanze. Pete zikavaliwa, Shangazi akalia na maiki wazi ukumbi mzima ukamsikia, MC akamwita mjomba mara ya kwanza, ya pili, akaruka.

Saa mbili usiku watu wanaaga, viti vinapangwa, kwenye skrini kabaki Shangazi peke yake anasinzia, kwake saa saba usiku na kagoma kutoka. Mara pu, kiboksi kipya. Mjomba! Suti, tai, karatasi mkononi, nyuma yake dirisha linawaka jua la mchana.

"Haya jamani, nimewahi?"

Shangazi akashtuka. "Salehe! Harusi imeisha!"

"Imeisha vipi? Si mmeniambia saa sita? Ndo kwanza saa sita hii!"

Akasoma meseji kwa sauti, "Mjomba, kwenu itakuwa saa 6, usichelewe." Ilitoka kwa binamu yetu, simu imemwonyesha 6:00 ya Toronto, yaani alfajiri, saa kumi na mbili, yeye akaiandika hivohivo. Na mjomba miaka yote hiyo ughaibuni saa yake ya Kiswahili haijapotea, kaambiwa saa sita kajua ni adhuhuri. Kazima simu kalala, katoka shifti ya usiku.

Alinyamaza akaikunja ile karatasi mara mbili, taratibu, akaitia mfuko wa koti. "Basi msalimieni mtoto."

Mama hakumjibu hata, alitoka mbio na gauni kalishika mkononi, gari la maharusi lilikuwa limeshawashwa. Akarudi nao. Dada kavua viatu, akavuta kiti akakaa mbele kabisa ya laptopu, mumewe pembeni.

"Mjomba, shikamoo. Itoe hiyo karatasi."

"Mwanangu, watu wameshaondoka..."

"Mimi niko hapa. Soma yote, usiruke."

MC alikuwa anakunja nyaya, akaziacha, akasogeza maiki kwenye spika ya laptopu. Mjomba akavaa miwani, akasimama wima, tukawa tunaona tai tu mpaka Shangazi akampigia kelele ainue kamera.

"Mabibi na mabwana," akaanza, na sisi tuliobaki tukapiga makofi.