Aya iliyo chini ya Jedwali la 4.1, nimeiandika upya

Mdogo wangu, sura yako ya nne nimeimaliza jana usiku. Jedwali limekaa vizuri, namba zake usiziguse. Kazi iko kwenye aya ya chini yake. Uliandika hivi:

“Jedwali la 4.1 linaonyesha kuwa mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 na Dar es Salaam milioni 0.36. Mwaka 1978 Tanzania ilikuwa na milioni 17.5 na Dar es Salaam 0.84. Mwaka 1988 ilikuwa milioni 23.1 na 1.36. Mwaka 2002 ilikuwa milioni 34.4 na 2.49. Mwaka 2012 ilikuwa milioni 44.9 na 4.36. Mwaka 2022 ilikuwa milioni 61.7 na 5.38.”

Namba zote ni sahihi, lakini msomaji ameshaziona hapo juu. Anachotaka kujua ni zimeelekea wapi. Mimi ningeandika hivi:

“Kati ya sensa ya 1967 na ya 2022, idadi ya watu nchini iliongezeka mara 5, na ya Dar es Salaam takriban mara 15 (Jedwali la 4.1). Kwa miaka 45 ya mwanzo jiji lilikua kwa kasi kuliko nchi: mwaka 1967 lilikuwa na asilimia 2.9 ya Watanzania wote, na kufikia 2012 lilikuwa na asilimia 9.7. Sensa ya 2022 inavunja mwenendo huo. Nchi iliongeza watu milioni 16.8 katika miaka kumi, ongezeko kubwa kuliko yote katika jedwali, ilhali Dar es Salaam iliongeza milioni 1.02 tu, pungufu ya milioni 1.87 ya muongo uliotangulia. Sehemu ya jiji ikashuka hadi asilimia 8.7. Ni mara ya kwanza kushuka katika sensa hizi sita.”

Kushuka huko ndiko kulikonishtua, na kwenye aya yako kulikuwa kumefunikwa kabisa. Namba ya Dar bado inapanda, kwa hiyo ukiitazama peke yake huoni kitu. Nilikokotoa asilimia ndipo ikajitokeza. Ongeza safu ya asilimia hizo kwenye jedwali, msomaji aone zilikotoka.

Halafu angalia miaka. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, si 10. Nchi iliongeza milioni 11.3 hapo, na milioni 10.5 kati ya 2002 na 2012. Mtu akiharakisha atasema ongezeko lilipungua. Gawanya kwa miaka: takriban laki 8 kwa mwaka, kisha milioni 1.05. Liliongezeka.

Habari ya watu kuhamia Kibaha na Mkuranga, uliyoiweka baada ya namba hizo, nimeitoa. Jedwali hili haliisemi. Ipeleke sura ya tano, ukaijadili pamoja na takwimu za Mkoa wa Pwani.