Ombi la kuongezewa muda wa insha ya Nikea, naumwa

Shikamoo Mchungaji,

Samahani kwa kukusumbua wikendi. Ni Neema wa mwaka wa pili, darasa lako la Historia ya Kanisa. Toka Jumatano naumwa, nilidhani ni mafua tu ya baridi hii nikawa nakunywa tangawizi, Ijumaa usiku homa ikapanda nikatapika mpaka mwenzangu wa chumba akanikokota zahanati, kupima wakakuta malaria, nimeanza dozi ya mseto ya siku 3 ila kichwa bado kinagonga na nikiangalia skrini maandishi yanacheza.

Insha ilikuwa ya Jumatatu. Ya Ario nimemaliza, nimekwama kwa Athanasio, maana nilishaandika kana kwamba mtaguso wa 325 ulimaliza ugomvi wote wakati ubishi wa homousios uliendelea mpaka Konstantinopoli 381, kwa hiyo hapo narudia na sitaki kulipua.

Naomba mpaka Ijumaa saa 10 jioni. Cheti cha zahanati nimeambatanisha, picha ina kivuli kidogo, orijino nitakuletea ofisini. Kama ni lazima nikatwe maksi, sawa tu.

Asante sana Mchungaji,
Neema