Baki 40

Bakari alikuja siku ya tatu baada ya Bi Mwanaidi kutoka eda. Alipiga hodi, akaamkia, akakaa kwenye mkeka bila haraka, akatoa pole ya msiba. Ndipo akafungua bahasha na kutoa fotokopi ya karatasi ya zamani iliyoliwa na mchwa sehemu ya chini.

"Bibi, sikuja kwa ubaya. Babu yangu Mbaruku alinunua lile shamba la bondeni. Sisi tulikuwa Tanga mjini miaka yote, hatukulifuatilia. Sasa nimepata mnunuzi."

Bi Mwanaidi aliipokea ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Aliona jina la mkwewe, Saidi Kibwana, na mwaka 1968. Yeye aliolewa katika nyumba ile mwaka 1976. Mume wake hakumwambia hata siku moja kwamba shamba lile lina neno.

"Niachie siku chache, mjukuu wangu," alisema. "Nami nitafute kwangu."

Alitafuta kwenye sanduku la nguo, juu ya dari, katikati ya vyeti vya watoto vya kliniki na risiti za ushirika. Hakupata kitu. Jumapili mjukuu wake Zuhura alichana sketi ya shule, Bi Mwanaidi akafungua droo ya cherehani ya marehemu kutafuta uzi wa buluu. Droo ile ilikuwa na ubao wa pili chini yake. Aliugusa ukacheza. Chini yake palikuwa na karatasi mbili za daftari zilizoshonwa pamoja kwa uzi mweusi, zimekunjwa mara nne.

Zuhura, aliyekuwa kidato cha pili, akaidaka ya kwanza na kuisoma mbio, kama wasomavyo watoto wa siku hizi. "Mimi Saidi Kibwana nimempa Mbaruku Abdala... shamba langu la bondeni... kwa shilingi 400 nilizopokea leo mkononi." Akashusha karatasi. "Bibi, babu mkubwa aliuza kweli."

Bi Mwanaidi alihisi miguu inamlegea. Katika shamba lile kulikuwa na michungwa aliyoipanda kwa mikono yake, mingine akiwa na mimba. Machungwa yale yaliyopandishwa lori pale Muheza kwenda Dar es Salaam ndiyo yaliyosomesha watoto wanne.

"Lete hapa," alisema. "Nisome mwenyewe."

Alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, miaka ile Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Aliweka kidole chini ya neno, akalitamka, akahakikisha, ndipo akahamia la pili. Kusoma kwake hakukubadilika hata uzeeni. Majirani walimpa barua zao kwa sababu alikuwa haruki kitu.

Ilimchukua mpaka adhuhuri. Karatasi ilisema hivi:

*Tarehe 14 Machi 1968. Mimi Saidi Kibwana nimempa Mbaruku Abdala minazi yangu 30 iliyomo katika shamba langu la bondeni kwa shilingi 400 nilizopokea leo mkononi. Mipaka ya shamba ni hii: juu mwembe mkubwa, chini kijito, kulia shamba la Mbaruku mwenyewe, kushoto barabara ya mkonge. Mbaruku ataangua nazi na kuuza hata nimalize kumrudishia fedha zake. Chini ya minazi nalima mwenyewe. Nikimaliza, minazi yangu imerudi. Ikifa minazi kabla sijamaliza, deni ni deni, shamba halimo katika deni. Njia ya kisimani ipitayo kando ya mwembe ni ya watu wa Mbaruku siku zote, wala isizibwe. Karatasi ni mbili, kila mtu na yake.*

Chini palikuwa na alama ya gumba la Saidi kwa wino wa zambarau, sahihi ya Mbaruku kwa herufi za Kiarabu, na majina ya mashahidi wawili. Mwandishi alikuwa karani wa shamba la mkonge, mwenye mwandiko ulionyooka.

"Umeruka minazi," alimwambia mjukuu wake.

Zuhura alirudia mstari, akaona aibu. Aliyotoa Saidi ni minazi 30, tena kwa rehani. Shamba lilitajwa ili ijulikane minazi imesimama wapi. Pwani yote wazee walijua kwamba mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Na minazi ile haikuwapo tena. Ule ugonjwa uliopita ukageuza makuti kuwa ya manjano na kudondosha vichwa vya minazi uliimaliza yote. Mume wake alikata magogo ya mwisho, wakapanda michungwa.

Bi Mwanaidi hakufurahi mapema. Aligeuza karatasi ya pili. Nyuma yake palikuwa na mistari mitano ya penseli, kila mmoja una sahihi ya Mbaruku pembeni. Mwaka 1969, 60, baki 340. Mwaka 1970, 60, baki 280. Mwaka 1971, 100, baki 180. Mstari wa nne ulikuwa umelowa, tarakimu zimevimba, pengine 80, pengine 30, na baki yake haikusomeka kabisa. Wa tano ulikuwa wa Oktoba 1973: *60, baki 40, au nazi 200 kwa bei ya leo.* Baada ya hapo, hakuna kitu. Mwaka uliofuata ilikuja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwahamishwa, na Mbaruku akachukua familia yake akaenda Tanga.

"Ule wa nne ni 30," Zuhura alisema. "Ona, uko wazi upande wa kushoto."

"Usisome kwa jicho tu. Toa." Bi Mwanaidi aliandika vumbini kwa kijiti. Kutoka baki 180 mpaka baki 40 zimelipwa 140. Mwisho zililipwa 60. Kwa hiyo mstari ulioloa ni 80. Alitoa mara ya pili akianzia juu, akafika palepale.

Jioni shemeji yake Athumani alikuja kusikiliza habari. Alisoma kurasa zote, akapiga paja kwa furaha, kisha akakunja uso alipofika kwenye ile njia.

"Shemeji, nikushauri kwa uzuri. Peleka ule ukurasa wa mbele peke yake. Tena ile sehemu ya njia tuikunje wakati wa kutoa kopi. Marehemu alipanda michungwa juu ya njia ile, unajua. Na hili deni la nyuma lina haja gani? Kudai ardhi kuna muda wake, miaka 12, umepita zamani. Yule kijana hana kitu mkononi."

"Yeye kaja na kopi iliyoliwa na mchwa," Bi Mwanaidi alijibu. "Nami niende na kopi niliyoila mwenyewe?"

"Nakulinda, shemeji. Ukionyesha baki 40, umekiri deni."

"Mkwe wangu alikiri kwa gumba lake. Mimi nimekula shamba lake miaka yote hii. Nile na maneno yake."

Athumani hakupendezwa, akaaga kabla chai haijaiva. Usiku mwanawe Juma, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua msimamizi wa mirathi, alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Naye aliogopa, ila akasema jambo moja la maana: karatasi ile isitoke mkononi mwa mama, watu wapewe fotokopi tu, pande zote, na asilia isomwe mbele ya baraza kisha irudi.

Baraza la Ardhi la Kijiji lilikaa kwenye jengo la ofisi, wajumbe saba, watatu wanawake. Kazi yao ni kupatanisha. Mwenyekiti alimwomba Bakari asome ya kwake, akasoma mpaka pale mchwa walipoishia: *Mbaruku ataangua nazi na kuuza.* Kisha Bi Mwanaidi akasimama. Hakumpa Zuhura asome. Alisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole chini, na hakuna aliyemharakisha. Alisoma *shamba halimo katika deni*. Kwa sauti ileile akasoma njia ya kisimani. Akageuza karatasi, akasoma baki 40.

Mzee mmoja mjumbe alitikisa kichwa kukubali. "Enzi zile ardhi tupu haikuwa na bei, serikali haikutaka. Mtu aliuza mimea yake, nyumba yake, jasho lake. Karani huyu alijua alichoandika."

Bakari aliomba zile karatasi, akaziweka pamoja na yake. Mwandiko ulikuwa mmoja, mistari ya juu ile ile, hata koma. Alitazama sahihi tano za babu yake kwa muda mrefu. Alikuwa hajapata kuziona.

"Kwetu tuliambiwa tumenunua," alisema. "Baba mwenyewe aliamini hivyo."

"Sikukushutumu, mjukuu wangu. Ulisoma ulichoachiwa."

Likaja suala la shilingi 40. Mjumbe mmoja alicheka akasema hazinunui hata kiberiti. Bi Mwanaidi akasema mstari umetaja nazi 200, na nazi haipotezi thamani ikikaa kwenye karatasi. Atalipa nazi. Kuhusu njia, michungwa minne imesimama juu yake, ataing'oa baada ya msimu huu wa mavuno, na kuanzia kesho watu wapite katikati yake. Bakari alisema hana watu wa kupita, wote wako mjini. Mwanamke mmoja wa baraza akamkumbusha kwamba shamba la kulia bado ni la ukoo wake, nalo halina maji.

Kijana alinyamaza. Kumbe alikuwa na shamba, na hakuwa anajua lilipo.

Bi Mwanaidi aliuza mbuzi wawili, akaagiza nazi kutoka Pangani. Zilifika kwenye guta Alhamisi asubuhi, zikahesabiwa kumi kumi mbele ya mwenyekiti na Athumani, ambaye alikuja mwenyewe bila kuitwa na akahesabu kwa sauti kuliko wote. Zilipotimia 200, Bi Mwanaidi alimpa Bakari kalamu na ile karatasi ya pili, akamwonyesha nafasi chini ya mstari wa 1973.

Bakari aliandika, akatia sahihi, akamrudishia huku akichukua gunia la kwanza. Bi Mwanaidi alivaa miwani. *Nimepokea nazi 200 kutoka kwa Bi Mwanaidi.* Aliweka kidole chini ya neno la mwisho, akasubiri kama kuna jingine.

"Mjukuu wangu, weka gunia chini kwanza. Hujaandika tarehe. Hujaandika baki ni ngapi. Na hujaandika wewe ni nani kwa Mbaruku, kesho atakuja ndugu yako aseme hakujui."

Bakari aliweka gunia chini, akarudi, akachukua kalamu.

"Anza na jina la babu yako," alisema Bi Mwanaidi. "Mwenyekiti naye aandike lake chini yako. Kisha tutaandika nyingine kama hiyo, uende nayo Tanga."