Mkasi Chini

Fundi Hamisi wa Barabara ya 9, Ngamiani, alikuwa na simu inayomtuma kuliko mkewe. Saa 2 asubuhi, kidonge cha presha. Jumatatu saa 4, luku. Jumatano saa 10 jioni, kikoba. Jumapili usiku, mpigie Asha. Na kila siku ya Mungu, saa 12 na robo jioni, mlio mkali kama wa jogoo aliyebanwa na mlango, na maneno mawili kwenye kioo: Mkasi chini.

Asha, binti yake, ndiye aliyemfundisha kuziweka alamu hizo kabla hajaenda chuo Dodoma. Hiyo ya mkasi aliitaka mwenyewe. Binti alipouliza ni ya nini, akamjibu ni kwa ajili ya mgongo, kwamba mtu akiinama mezani mchana kutwa, jioni inabidi apumzike. Asha hakudadisi. Miaka minne ikapita, na kila alamu ilipolia Hamisi akijishika kiuno na kuweka mkasi, mpaka yeye mwenyewe akawa anaamini ni habari ya mgongo.

Mambo yaliharibika Ijumaa moja barazani, kwenye kahawa. Simu ikalia. Mzee Kombo, kikombe mkononi, akasema, "Pokea, bosi wako huyo." Baraza zima likacheka. Mwingine akadakia kwamba siku hizi fundi haendi hata haja bila kupigiwa kengele. Hamisi akacheka nao, akazima, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Mtu wa miaka 52, amefundisha vijana kazi wakafungua maduka yao Makorora na Chumbageni, leo anaendeshwa na kidude cha mfukoni!

Kuanzia Jumamosi kila iliyolia aliibonyeza "Ondoa" bila kuisoma.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Zubeda, mkewe, alikuwa Muheza akimwuguza mdogo wake aliyejifungua, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kumwuliza. Kidonge hakumeza Jumamosi, asione kitu. Hakumeza Jumapili, asione kitu. Jumanne akajiona mwepesi kabisa, akapanda baiskeli yake mpaka Raskazone na kurudi bila kuhema. Presha haina makelele, ndiyo ubaya wake, na Hamisi aliuchukulia ukimya ule kuwa ni kupona.

Asha alipiga mwenyewe Jumatatu asubuhi. "Baba, u mzima? Jana hukupiga."

"Kazi, mama. Sare za shule zimenizonga."

Hakusema uongo. Ilikuwa Januari, na meza ilikuwa imejaa kaptula za kaki na sketi za bluu. Jumanne usiku, katikati ya overloku, umeme ukakata. Akafungua mlango kuchungulia; kwa jirani taa zinawaka. Luku. Akanunua kwa simu, akasimama kwenye mita na tochi mdomoni akibonyeza tarakimu 20, akakosea, akaanza upya huku mbu wakila vifundo vya miguu. Jumatano kikoba kilimpitia, na faini yake ikawa 2,000. Hayo yote aliyaona madogo. Mwanamume hashindwi na 2,000.

Sasa kulikuwa na suti ya Nasoro.

Kitambaa alikileta Bi Rukia, mama mkubwa wa bwana harusi, amekuja nacho mwenyewe kutoka Maskati alikokwenda kumtembelea mwanawe. Mita tatu na nusu, rangi ya nevi, iliyoiva hasa, kitambaa kinachomwagika mkononi. Alikitandaza mezani, akakipapasa, akasema, "Fundi, hiki nimekibeba kwenye mkoba wangu, sikukitia kwenye sanduku. Umenielewa?" Hamisi alimwelewa. Nikaha ilikuwa Jumamosi baada ya Alasiri, na usiku kuna ukumbi.

Suruali aliikata Jumatano mchana, mwanga wa barabarani ukiingia mpaka mezani. Ikaenda vizuri. Kitambaa kilichobaki akakikunja, akakiweka kwenye rafu. Kisha wakaja wazazi wa wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtoto wake na kelele zake, na koti likasubiri. Saa 12 na robo alamu ikalia. Ondoa. Alipomaliza kuswali Magharibi alirudi dukani, akafunga mlango wa mbele, akaingia chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chini ya taa moja ya tyubu iliyoungua ncha zote mbili. Akavuta kitambaa kwenye rafu, akapiga chaki, akakata. Mkasi ulikuwa mkali na mkono ulikuwa mwepesi. Kufikia saa 5 koti zima lilikuwa vipande mezani, na Hamisi alijisikia kijana.

Alilishona usiku huo, na wa Alhamisi, na wa Ijumaa, kwa sababu mchana ulikuwa wa sare. Mabega yalikaa. Kola ililala bila kubishana. Bitana aliitia kwa mkono sehemu za chini, mshono mdogomdogo usioonekana, kazi ambayo vijana wa sasa wanairuka. Usiku wa Ijumaa alitungika koti na suruali kwenye henga moja, akazitazama chini ya tyubu, akaridhika.

Jumamosi, saa 1 na nusu asubuhi, alizitoa nje kibarazani azipige brashi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa ya Ngamiani. Alitundika henga kwenye msumari, akarudi nyuma hatua mbili.

Suruali ilikuwa ya bluu. Koti lilikuwa jeusi.

Hapakuhitajika fundi kuliona hilo. Hata yule kijana wa kuuza mihogo angeliona akiwa ng'ambo ya barabara. Hamisi alirudi mbio kwenye rafu. Nevi ya Maskati ilikuwa pale pale, imekunjwa, upindo wake wenye maandishi ya nyuzi za dhahabu ukimkodolea macho. Kando yake, jora lake mwenyewe la kitambaa cheusi, limepungua.

Alishika meza. Hapo ndipo mwalimu alipomjia akilini.

Alikuwa mzee wa shule ya msingi, anastaafu, anataka suti ya kwanza maishani mwake. Nevi. Hamisi alikata usiku, chini ya tyubu ile ile, na asubuhi aliona kama alivyoona leo: koti rangi yake, suruali rangi yake. Siku ile hakusema. Mwalimu alikuja kujaribu, Hamisi akamwingiza chumba cha nyuma, akamzungusha chini ya taa, akamwambia imemkaa. Mwalimu akafurahi, akaomba kumalizia 15,000 Jumatatu. Sherehe ya kumuaga ilikuwa uwanjani, saa 4 asubuhi, walimu na wanafunzi wamejipanga mbele ya mpiga picha.

Jumatatu mwalimu alikuja. Hamisi alipomwona kwa mbali alikuwa ameshatunga majibu matatu. Hakuulizwa hata moja. Mwalimu alitoa bahasha, akahesabu 15,000 noti kwa noti, akaziweka juu ya meza, akasema, "Ahsante, fundi, deni limekwisha." Akaondoka. Hakurudi tena, na baada ya hapo alikuwa akipita upande wa pili wa barabara. Jioni ile, kabla ya Magharibi, zile 15,000 zikiwa bado hazijatoka mfukoni, Hamisi ndipo alipomwita Asha na kumwambia habari ya mgongo.

Saa 1 na dakika 45. Bi Rukia alisema atakuja saa 2 kamili, na Bi Rukia hachelewi.

Hamisi aliingiza suti chumba cha nyuma, akawasha tyubu. Pale, rangi zikawa moja. Akasogea karibu, akasogea mbali. Moja. Ukumbini usiku nani atajua? Lakini kabla ya ukumbi kuna nikaha, na baada ya nikaha watatoka msikitini saa 10 na nusu, jua la Tanga limelala ubavu, kila mwenye simu anapiga picha. Labda atawaambia ndio mtindo. Vijana siku hizi wanavaa hivyo, koti rangi nyingine, suruali rangi nyingine. Aliisema sentensi hiyo kwa sauti, peke yake chumbani, aisikie inavyokaa. Haikukaa.

"Hodi humu!"

"Karibu, Bi Rukia. Shikamoo."

"Marahaba. Iko wapi?"

Aliitoa. Bi Rukia alikuwa ameshaingia ndani, akanyoosha mkono aipokee pale pale chini ya taa. "Hapa hapana," Hamisi akasema. "Twende nje."

Kibarazani alitundika henga kwenye msumari, akanyamaza. Bi Rukia alitazama. Akaligeuza koti, akalifunua bitana, akaishika suruali, akavileta vyote viwili kwenye jua pamoja.

"Fundi."

"Nimekosea, mama. Koti nimekata jora langu. Nimekata usiku."

"Na kitambaa changu?"

"Kipo, kimezidi kutosha koti. Lakini koti siku moja haliwezekani, nikikwambia linawezekana nitakuwa nakudanganya. Suruali inawezekana. Nakata nyeusi sasa hivi kwenye jora hilo hilo la koti, saa 7 iko tayari na pasi yake. Nasoro anaoa na suti nyeusi kamili. Hii suruali ya nevi nitaishonea koti lake wiki ijayo. Pesa yako uliyotanguliza nakurudishia yote."

Bi Rukia hakujibu upesi. Kijana wa mihogo alikuwa ameacha kumenya.

"Nimebeba kitambaa mkononi kutoka Maskati," akasema, "mwanangu aoe na cha jora la Barabara ya 9."

"Ndiyo, mama."

"Ningekuja usiku ungeniambia?"

Hamisi alifungua mdomo, akaufunga. "Sijui," akasema.

"Heri umesema hivyo." Akavuta kiti cha wateja, akakiburuta mpaka mlangoni, akakaa, mkoba magotini, miguu ikiziba njia. "Kata. Mezani hapo mbele, kwenye mwanga. Siondoki mpaka nione zipu."

Hamisi akatandaza jora. Akachukua futi kamba, akapima, akapima tena, akapiga chaki. Mkasi ulikuwa umeshafunguka juu ya kitambaa mfuko wake ulipoanza kulia. Akanyoosha kidole, kwa mazoea ya wiki nzima, kwenye ile "Ondoa".

"Nini hicho kinacholia?"

"Kidonge. Cha presha."

"Umekimeza?"

"Tangu Ijumaa iliyopita, bado."

Bi Rukia alifungua mkoba, akatoa chupa ya maji, akaigonga juu ya meza. "Kiko wapi? Kilete, meza hapa nikikuona. Usije ukanifia juu ya suruali ya mwanangu, bado hujatia hata kifungo."