Waraka wa Ndani: Ratiba ya Kufunga Hesabu za Juni 2026

KWA: Wahasibu, makarani wa hesabu na watunza bohari wa Kigoma Mjini, Kasulu na Uvinza
KUTOKA: Mhasibu Mkuu
TAREHE: 22 Juni 2026

Ndugu wenzangu,

Jumanne tarehe 7 Julai ni Sabasaba, na tarehe hiyo hiyo ndiyo ukomo wa kulipa kodi ya mishahara, tozo ya kuendeleza ujuzi na kodi ya zuio za Juni. Kwa hiyo malipo hayo yote yatakamilika Ijumaa tarehe 3, ili ripoti ya mwezi imfikie Meneja Mkuu Ijumaa tarehe 10. Kila kazi imewekwa baada ya ile inayoitegemea, hivyo anayechelewa anawasimamisha walio nyuma yake.

Jumatano 24 hadi Ijumaa 26 Juni. Karani wa wadai awapigie simu wagavi na wasafirishaji wote ambao mzigo wao tumeupokea bila ankara. Mishahara italipwa tarehe 26, na jedwali lake lifike kwa mhasibu wa kodi siku hiyo kabla ya saa 11 jioni.

Jumatatu 29 Juni. Awamu ya pili ya kodi ya mapato ya makadirio ilipwe siku hii, siku moja kabla ya ukomo wake.

Jumanne 30 Juni. Hii ndiyo siku ninayoiangalia kuliko zote, kwa kuwa kosa la kuhesabu mali linaharibu gharama ya mauzo, faida na mizania kwa pamoja, na halionekani kwa urahisi baadaye. Bohari zote tatu zifungwe saa 9 alasiri, na baada ya hapo lori lisipakie wala kushusha. Kuhesabu kufanywe na mtunza bohari pamoja na karani anayetoka kituo kingine, na mifuko ya saruji iliyoganda au kupasuka iandikwe kwenye karatasi yake, isichanganywe na mizima. Kabla ya kuanza, andikeni namba ya mwisho ya hati ya kupokelea na ya hati ya kutolea bidhaa, kwa sababu namba hizo mbili ndizo zitakazotuonyesha muamala upi ni wa Juni na upi ni wa Julai.

Mzigo wa chumvi na saruji unaokwenda Bujumbura na Kalemie unahitaji uangalifu zaidi. Kwa mikataba yetu, mali inakuwa ya mteja pindi inapopakiwa melini na nahodha kutia saini. Ikiwa hadi usiku wa tarehe 30 mifuko bado iko gatini, ni mali yetu na mauzo yake ni ya Julai, hata kama ankara imekwisha kutolewa na fedha zimeingia. Karani wa mauzo afike bandarini mwenyewe jioni hiyo. Taarifa ya simu haitoshi.

Jumatano 1 Julai. Usuluhishi wa benki, wa akaunti za malipo ya simu na wa fedha taslimu ukamilike saa 10 jioni. Jumla ya ripoti za Z za mashine za risiti ilinganishwe na daftari la mauzo siku kwa siku, kwani tofauti ya siku moja inaweza kufunikwa na ya siku nyingine kwenye jumla ya mwezi.

Alhamisi 2 Julai. Yaingizwe malimbikizo ya gharama, uchakavu, na madai ya dola yaliyobadilishwa kwa kiwango cha Benki Kuu cha tarehe 30 Juni.

Ijumaa 3 Julai. Namba za malipo ya kodi zitolewe asubuhi, na benki iwe imelipa kabla ya saa 8 mchana. Michango ya NSSF ilipwe pamoja nazo, ingawa ukomo wake ni mwisho wa Julai.

Jumatatu 6 Julai. Urari wa kwanza unifikie saa 4 asubuhi. Maswali yangu mtayapata jioni, na Sabasaba mpumzike.

Jumatano 8 na Alhamisi 9 Julai. Marekebisho yapokelewe hadi Alhamisi saa 6 mchana, kisha nitaufunga mwezi kwenye mfumo. Litakaloonekana baada ya hapo litaingizwa Julai likiwa na maelezo yake.

Ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ina ukomo wa tarehe 20 Julai, lakini tutaiwasilisha Alhamisi tarehe 16. Hati za forodha zinazothibitisha kuwa mzigo umetoka nchini zifike kwa mhasibu wa kodi kabla ya tarehe 13, kwa sababu bila hati hizo hatuna namna ya kutetea kiwango cha sifuri tulichotoza.

Anayeona hatamaliza kazi yake anijulishe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku husika, nimpe msaidizi mapema.