Namba Iliyoandikwa Ukutani

Mimi ndiye niliyeshika simu siku ile.

Fundi Aika alikuwa na chumba kimoja cha kushonea, Majengo, hapa Moshi. Cherehani mbili za miguu: Singer aliyoachiwa na mama yake, na Butterfly aliyonunua mwenyewe kwa hela za kikoba. Ovaloki moja ya umeme, pasi, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembe. Ukutani nyuma ya Singer kulikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya bluu: FUNDI AIKA, MISHONO YOTE. Chini yake namba ya simu, ileile ya kupokelea hela. Nilikuwa najifunza kwake mwaka wa kwanza, nimeshatoka kwenye kufumua na kubandika vifungo, sasa naruhusiwa kukata bitana.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mtu wa Moshi anajua mwezi huo ulivyo. Watoto wa huku waliotawanyika Dar na Mwanza wanaanza kupanda nyumbani, na kila Jumamosi ni harusi au sendofu, kila Jumapili kipaimara. Fundi asiyepata kazi wakati huo afunge tu.

Akaja dada mmoja analia. Kitenge chake cha kijani, cha kusimamia harusi ya mdogo wake, alikuwa amempa fundi mwingine, gauni likarudi halipandi nyonga. Yule fundi alikata bila kuacha akiba ya mshono, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kufungulia. Dada Aika aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, akasema, "Usilie. Kitambaa hakijaharibika, kimekosewa tu."

Akafumua ubavu wote, kulia na kushoto. Akakata vipande viwili virefu vya kitambaa cheusi, vyembamba kwapani, vipana nyongani, kisha vinapungua tena kuelekea chini, akaviingiza. Cheusi hicho hicho akakipeleka shingoni na kwenye pindo la mikono, ili jicho lione mtindo, lisione kiraka. Nilirekodi vipande vipande, nikaunganisha, ikatoka video ya sekunde 41.

"Dada, niirushe?"

"Rusha. Ila sura ya mteja usiioneshe."

Sura ya mteja sikuionesha. Ukuta niliuonesha.

Asubuhi nilipofungua TikTok nilidhani simu imeharibika. Watu laki mbili na zaidi walikuwa wameshaitazama. Kufika jioni walikuwa laki sita, na ile sentensi yake ya kitambaa kukosewa watu walikuwa wanaiandika kwenye maoni kana kwamba ni methali ya bibi zao. Mmoja aliandika kwamba ameisikiliza mara nne akiwa kwenye daladala, na kwamba haikuhusu gauni peke yake. Nilimsomea Dada Aika, akacheka, akaziba uso kwa futi ya kupimia. Sijawahi kumwona amefurahi vile, na hata leo nikikumbuka yote yaliyofuata, furaha ile siijutii.

Simu ikaanza kuita saa moja asubuhi na haikuacha. Alipokuwa akikanyaga cherehani, mimi napokea. Nilipokuwa nakula, anapokea yeye huku sindano iko mdomoni. Wakaja manesi wa KCMC wamevaa bado sare zao, wakaja akina mama wa Himo na wa Rau, akaja mmoja kutoka Arusha ameshuka stendi na kitenge cha yadi sita begani. Baraza ilijaa hadi kwa mama anayeuza chapati pale pembeni, naye akamaliza unga wake kabla ya saa nne. Wengi hawakuwa na gauni lililokosewa. Walitaka gauni jipya lenye vipande vyeusi ubavuni, kama la kwenye video.

Hilo tungeliweza. Lililotushinda ni namba ya ukutani.

Watu wa mbali walisimamisha video, wakaisoma, wakatuma hela. Hakuna aliyewaomba. Ujumbe unaingia: umepokea shilingi 20,000 kutoka kwa fulani. Dakika tatu baadaye 15,000 kutoka kwa mwingine. Wengine wanafuatisha picha yao WhatsApp na neno "saizi 14", wengine kimya kabisa. Jina la mtumaji unaliona, lakini kifua chake hukijui, wala kiuno, wala urefu kutoka begani hadi gotini. Saizi 14 ya nani? Dada Aika alinifundisha siku ya kwanza kabisa kwamba wanawake wawili wenye kiuno kimoja hawana mgongo mmoja. Alikuwa anapima watu mpaka unene wa mkono juu ya kiwiko. Sasa alikuwa ameshika hela za watu asiowahi kuwaona wakisimama.

"Andika," aliniambia. Niliandika kwenye daftari la oda mpaka likaisha, tukanunua jingine.

Tukaita mafundi wawili wa mtaa watusaidie. Kazi yao ya siku ya kwanza tuliifumua usiku, maua ya kitenge hayakukutana mgongoni. Si kwamba hawakujua kushona, walikuwa wanakimbizwa kama sisi. Umeme ulipokatika ovaloki ikalala, tukabaki na miguu. Usiku wa Jumatano tulilala palepale chini, juu ya vipande vya vitambaa, na nilimsikia gizani akihesabu kwa sauti ya chini: arobaini na tano, arobaini na sita.

Alhamisi alikuja Bibi Manka.

Wiki tatu kabla ya hayo yote alikuwa ameleta satini nyeupe na lesi ndani ya kikapu, pamoja na mjukuu wake Neema. Kipaimara cha Neema kilikuwa Jumapili ile, kanisani kwao Kidia. Alikuwa amelipa nusu, akapewa siku ya kuja kujaribisha, na siku yenyewe ilikuwa hiyo Alhamisi. Nilimwona kwa juu ya vichwa vya watu. Hakupiga kelele, hakusukuma mtu. Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, kikapu mapajani, binti amesimama kando yake na sare ya shule. Niliona, nikasema moyoni nitamwita nikimaliza huyu. Nikamaliza huyu, akaja mwingine. Nilipoinua macho tena jiwe lilikuwa tupu.

Nilimwambia Dada Aika saa nne usiku. Hakunigombeza. Alikaa kwenye stuli, akaniuliza, "Amekaa muda gani?"

"Kama saa mbili hivi."

"Na nauli ya kushuka na kupanda amelipa ya watu wawili."

Nikataka kulifidia kosa langu. Alipopitiwa na usingizi nilitoa ile satini, nikafungua daftari, nikakata gauni la Neema mimi mwenyewe. Macho yalikuwa yameniuma, kurasa zilikuwa nyingi. Nilisoma vipimo vya ukurasa wa pili yake. Nilipomaliza, bega la mtoto wa miaka 15 lilikuwa pana kama la nesi wa KCMC, na shingo imeingia ndani inchi tatu zaidi ya inavyotakiwa.

Alipoamka nilikuwa nimeshika vipande hivyo nalia. Nilisubiri aseme ile sentensi yake. Dunia nzima ilikuwa inaisema.

Alivipeleka dirishani, akavitandaza juu ya mkono. "Hiki kimeharibika," alisema taratibu. "Shingo ukishaikata huirudishi. Na hata ningeunga, satini inakumbuka kila tundu la sindano. Mtoto anaenda mbele ya altare, siwezi kumvisha kovu." Kisha akavikunja. "Tutavifanya bitana. Nenda kanawe uso."

Mbele ya dirisha Kibo ilikuwa wazi, theluji yake imeshikwa na jua. Watu walikuwa wameshaanza kukaa barazani.

Alitoka akawasalimia wote, wakubwa akawaamkia. Aliwaambia waliokwisha kupimwa, ambao walikuwa 14, kwamba nguo zao zitatoka, kila mtu na tarehe yake, na akazitaja tarehe hizo moja moja. Wengine akawaomba waende. Baadhi walielewa. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba umaarufu umempanda kichwani, na alilisema huku anaonesha kidole. Dada Aika alimwitikia, "Samahani, mama," akageuka kwenye daftari.

Miamala ya watu wasiopimwa ilikuwa 47. Alirudisha yote. Nilisoma jina na kiasi, yeye anabonyeza, anaandika namba ya siri, tunasubiri ujumbe, tunapiga mstari. Makato alilipa yeye. Nilimwambia ayakate kwenye hela yao kwa kuwa walituma bila kuombwa, akasema waliiona namba ukutani kwake. Kwa muda wa saa tatu na nusu tulikuwa juu ya kazi hiyo. Kuna mmoja alirudisha tena hela ileile na kuandika, "Kaa nayo, nitakuja Januari unipime." Hiyo tu ndiyo iliyobaki.

Jioni akatafuta rangi nyeupe iliyobaki ya mlango, akaifuta namba. Jina akaliacha.

Jumamosi alfajiri tulikuwa sokoni. Satini mpya aliilipa mwenyewe. Mimi nikatoa hela yangu ya chakula, akaipokea, na namshukuru mpaka leo kwamba hakuikataa. Alikata yeye. Nilishona bitana. Lesi ya Bibi Manka ilikuwa salama, hiyo sikuigusa usiku ule. Saa tano za usiku gauni lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa, na tulilifunika kwa shuka safi tusilipumulie.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye bodaboda, tunapanda katikati ya migomba, nimelibeba mikononi kama mtoto mchanga. Bibi Manka alikuwa uani anachochea moto.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu." Aliangalia shuka, akaangalia uso wa Dada Aika. "Nilidhani umepata watu wakubwa."

Dada Aika alipiga goti pale uani. "Bibi, nimekukosea. Uliketi juani."

"Inuka, utachafua gauni lako. Mtoto yuko ndani."

Neema alivaa. Mabega yalikaa, kiuno kikakaa. Alijigeuza mara mbili, akainama kuangalia miguu yake, akaanza kutabasamu halafu akasita. Dada Aika naye alikuwa ameshaona. Alitoa futi shingoni, akapima kutoka kiunoni kwenda chini.

"Nimerefuka?" Neema aliuliza.

"Inchi moja, ndani ya wiki nne. Wanakulisha nini huku?"

Bibi akacheka kwa mara ya kwanza. Dada Aika alikuwa ameacha inchi tatu za akiba ndani ya pindo. Aliketi chini kwenye mkeka, akaomba sindano, nikampa ikiwa na uzi mweupe tayari, akaanza kufumua upindo taratibu huku mtoto amesimama, na kutoka bondeni kengele ya kwanza ikaanza kulia.

"Usitingishike," alimwambia. "Muda upo."